Usishuke njiani kama tikiti haijasema ushuke

"Naenda Toronto kwa dadangu mwezi wa nane kupitia Istanbul. Nataka nikae Istanbul siku mbili bila kuongeza nauli. Ndege gani zinakubali, na naongezaje? Ajenti ameniambia nishuke tu, halafu niwapigie simu wanisogezee safari."

Wee, usithubutu! Huyo ajenti ama ni pacha wa yule wangu, ama ni yeye mwenyewe amehamisha ofisi.

2018 nilikuwa naenda London kupitia mji mmoja wa Ghuba. Ajenti wangu hapa mjini akaniambia maneno hayo hayo, na mimi nikayameza. Nilishuka, nikapita uhamiaji, nikaenda zangu kula. Wakati ndege ya pili inaondoka, jina langu linaitwa kwenye vipaza sauti, mimi nachagua nyama. Abiria asipopanda, begi lake nalo halisafiri, kwa hiyo walilichakura wakalishusha. Siku ya tatu nafika kaunta, binti anatazama skrini, ananiambia mimi ni "no-show". Ukiruka kipande kimoja cha tikiti, vyote vinavyofuata hufutwa, hata cha kurudi Nairobi. Nilinunua tikiti mpya pale pale, kwa bei ya mtu aliyekwama, kisha nyingine ya kurudi. Laki moja na sabini elfu kwa siku mbili za "bure". Ajenti nikimpigia, mteja hapatikani. Angalau nyama ilikuwa tamu.

Stopova, yaani hizo siku za kukaa njiani, huwekwa kabla ya kulipa. Ukiisha kulipa, kuiongeza ni kubadilisha tikiti, na hapo kuna faini na tofauti ya nauli.

Kwenye tovuti ya shirika lenyewe, tafuta kwanza bei ya kwenda na kurudi ya kawaida, uiandike. Halafu fungua "Multi-city": NBO, yaani Nairobi, hadi IST, yaani Istanbul, tarehe 3; IST hadi YYZ, yaani Toronto, tarehe 5; YYZ hadi NBO siku ya kurudi. Linganisha. Bei ikipanda kidogo tu, hiyo ni kodi ya uwanja, kwa sababu ukizidisha saa 24 huhesabiwi tena kuwa mpita njia. Ikiruka sana, nauli hiyo hairuhusu stopova, au viti vya nauli hiyo vimeisha siku hiyo, sogeza tarehe. Sharti lenyewe limo kwenye kanuni za nauli, chini ya neno STOPOVERS. Na vyote vitatu viwe kwenye tikiti moja.

Mashirika? TAP wanakupa hadi siku 10 Ureno, Icelandair hadi 7, lakini hakuna anayetua JKIA, kwa hiyo tuwaache. Viza ya Uturuki ishughulikie mapema.

Siku ya safari, JKIA, soma kibandiko cha begi kabla halijaenda na mkanda. Kikisema YYZ badala ya IST, piga kelele hapo hapo.