Duara la kijivu: kusoma mchoro wa ukoo uliopigwa picha ya simu

Usiku mmoja, wiki ya mitihani ya majaribio, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne alinitumia picha ya swali la jenetikia. "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu. Mimi nimepata sifa fiche ya kromosomu X, ila mwenzangu anabisha." Nikaitazama picha kwa sekunde chache, nikaona miraba myeusi mitupu, yaani wanaume wenye sifa, na hakuna duara jeusi hata moja, yaani mwanamke mwenye sifa, nikamjibu kuwa yuko sahihi. Asubuhi nilipokishika kitabu chenyewe mkononi niligundua kwamba nimempotosha. Kulikuwa na duara moja la kijivu nililolidhania kivuli cha mkono wake, na jibu lote lilikuwa limekaa hapo.

Tangu siku ile nimebadili namna ninavyosoma michoro inayofika kwa simu. Nitaueleza mchoro ule ule, kwa sababu unafundisha zaidi kuliko kanuni zikikaririwa zenyewe.

Ulikuwa na vizazi vitatu. Juu kabisa, kizazi cha I, mume na mke, wote weupe, yaani hawana sifa. Chini yao watoto watatu: II-1, mwanamume mweusi ambaye hakuoa, II-2, binti mweupe aliyeolewa na II-3, mweupe, na II-4, binti mweupe aliyeolewa na II-5, naye mweupe. Kwa II-2 wamezaliwa mvulana mweusi (III-1), msichana mweupe (III-2) na mvulana mweusi (III-3). Kwa II-4 wamezaliwa mvulana mweusi (III-4), msichana wa lile duara la utata (III-5) na mvulana mweupe (III-6).

Swali la kwanza siku zote liwe hili: ni sifa tawala au fiche? Usianze na habari ya jinsi. Na usihesabu weusi ni wangapi, maana wingi wao haukuambii kitu. Kuna familia ambazo sifa fiche imewapata watoto wanne kati ya watano kwa bahati tu. Tafuta wazazi wawili wanaofanana ambao wamezaa mtoto asiyefanana nao. Wazazi weupe wakizaa mweusi, sifa ni fiche, kwa sababu mtoto ameitoa kwao na wao walikuwa nayo bila kuonekana. Wazazi weusi wakizaa mweupe, sifa ni tawala, kwa sababu ule weupe ndio uliokuwa umejificha. Katika mchoro wetu I-1 na I-2 ni weupe na mtoto wao II-1 ni mweusi, na hapo hapo swali la kwanza limekwisha. Fiche. Hata hilo duara la kijivu likitoka vyovyote litakavyotoka, hapa hapabadiliki.

Swali la pili ndilo linalowatesa wengi: jeni ipo kwenye kromosomu X, au kwenye mojawapo ya zile jozi 22 zisizohusika na jinsi? Wanafunzi wangu wengi huona wanaume weusi peke yao, wakaandika X papo hapo. Tuhesabu kidogo. Tuna weusi wanne wa hakika, wote wanaume. Kama jeni haipo kwenye X, kila mgonjwa ana nafasi nusu ya kuwa mwanamume, kwa hiyo wanne wote kuwa wanaume ni 1 kati ya 16. Jambo la 1 kati ya 16 hutokea mara kwa mara. Ni dalili ya kukufanya uishuku X, lakini haitoshi kuandika "kwa hiyo".

Kinachotosha ni mtu mmoja anayeikataa. Mwanamke ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ili aonyeshe sifa fiche ya X lazima zote mbili ziwe na hiyo jeni. Baba yake ana X moja tu, na hiyo ndiyo aliyompa, kwa hiyo baba naye lazima awe mweusi. Basi ukiona duara jeusi, panda na mstari mpaka kwa baba. Baba akiwa mweupe, X fiche imekufa hapo hapo. Upande wa pili ni wana wa mama mweusi: wote lazima wawe weusi, na akionekana hata mmoja mweupe, X fiche imekataliwa vile vile.

Himofilia ya ukoo wa Malkia Viktoria ni mfano mzuri wa mchoro unaoikubali X bila ugomvi. Mwanawe Leopold alikuwa nayo. Leopold akamzaa Alice, ambaye hakuugua lakini alibeba jeni, na Alice akamzaa Rupert, ambaye aliugua. Mweusi, mweupe, mweusi, kupitia kwa binti. Kaka yake Alice, Charles Edward, hakuugua, kwa kuwa mtoto wa kiume hupokea Y kwa baba, si X. Hakuna mahali unapoona duara jeusi chini ya mraba mweupe.

Sasa turudi kwa III-5. Baba yake, II-5, ni mweupe. Kama yeye ni mweusi, jeni haipo kwenye X. Kama ni mweupe, X inabaki kuwa jibu linaloelekea zaidi. Mchoro mzima, watu kumi na watatu, na uamuzi umening'inia kwenye duara moja lenye ukubwa wa punje ya mtama kwenye kioo cha simu. Ndiyo maana nasema: kwanza jua ni mtu gani anayeamua, kisha uikuze picha juu ya mtu huyo.

Kivuli na wino vinatofautishwa ukingoni. Kivuli cha mkono au cha simu hakijui mipaka ya duara. Kitapita juu ya mstari na kuendelea kwenye karatasi ya nje. Wino au penseli husimama kwenye mstari. Kuza picha mpaka duara lijae kiooni, halafu linganisha rangi ya ndani na rangi ya karatasi ya nje, pale pale pembeni. Nilipofanya hivyo kwenye ile picha asubuhi, ndani palikuwa kijivu na nje, kwa unene wa mstari tu, palikuwa peupe. Kitabu kilikuwa nakala ya fotokopi, wino wa mashine ulikuwa umekwisha, na duara hilo lilitoka nusu limefifia. Lilikuwa jeusi. Ningekuza picha usiku ule ningeliona.

Kuna alama nyingine iliyopotea kwenye picha hiyo, na hii niliiona baadaye. Mstari wa ndoa kati ya II-2 na II-3, na ule wa II-4 na II-5, kwenye simu ilionekana kama mistari minene kidogo. Kitabuni ilikuwa mistari miwili miwili, yaani wanandoa ni ndugu wa damu. Kwetu pwani mabinamu kuoana si jambo geni, na mtunga swali alilijua hilo. Alama hii ina uzito mkubwa. Ukisema jeni haipo kwenye X, unalazimika kukubali kwamba II-3 na II-5, waume wote wawili, ni wabebaji. Kama ni watu baki na sifa ni adimu sana, huo ni mzigo mzito kuuamini. Wakiwa mabinamu wa wake zao, jeni ile ile ya babu imewafikia pande zote mbili, na mzigo unakuwa mwepesi. Duara jeusi na mistari miwili vinasema jambo moja.

Hata bila undugu, uangalie ni sifa gani inayozungumzwa. Selimundu katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa ina wabebaji wengi, na mwanamke mwenye ugonjwa anaweza kuolewa na mbebaji ambaye hana habari. Nusu ya watoto wao kwa wastani watakuwa wagonjwa. Ukiuchora ukoo huo, utaona mama mweusi na watoto weusi, vizazi viwili mfululizo, na utashawishika kuandika tawala. Sifa inayoonekana kila kizazi si lazima iwe tawala. Rudi kwenye wazazi wawili wanaofanana; usipowapata, andika kwamba mchoro unaruhusu majibu mawili.

Kwa sifa tawala ya X nitasema kwa kifupi kwa sababu hutokea mara chache kwenye mitihani: baba mweusi awe na mabinti wote weusi, na asiwe na mtoto wa kiume mweusi aliyeipata kwake. Mtoto wa kiume mmoja tu aliyeirithi kwa baba anaifuta.

Mkinitumia picha, nawaomba hivi. Weka kitabu mezani, fungua dirisha au kaa nje kivulini, simama ili mwanga usitoke nyuma yako. Piga ukurasa mzima kwanza, na ufunguo wa alama uwemo, kwa kuwa kitabu kimoja huweka nukta katikati ya duara kuonyesha mbebaji na kingine hupaka nusu. Usipouona ufunguo, nukta hiyo utaidhania uchafu. Halafu piga picha ya pili ya karibu. Kwenye WhatsApp itume kwa njia ya `Document` badala ya picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa, na mstari wa ndoa ulio mara mbili ndio wa kwanza kuungana ukawa mmoja. Na kitabu kikijikunja katikati, miraba ya karibu na mshono hupinda pembe zake ikafanana na maduara. Mtazame mwenzi wake wa ndoa, maana akiwa duara, huyu ni mraba.

Mchoro wa familia halisi ni jambo jingine kidogo. Mtoto mweupe wa miaka mitano anaweza kuwa na sifa inayojitokeza ukubwani, na kuna watu wenye jeni tawala ambao haionekani kwao kabisa. Hapo mraba mweupe si "hana", ni "haijaonekana". Familia ikitaka jibu la uhakika, ipelekwe kupima.

Yule mwanafunzi nilimpigia asubuhi ile ile, nikamwambia kosa ni langu. Swali lake lilikuwa na kipengele cha pili: uwezekano kwamba III-2, yule msichana mweupe, ni mbebaji. Kwa jibu letu la usiku ungekuwa 1/2, kwa sababu mama yake angekuwa mbebaji wa X na angempa mojawapo ya X zake mbili. Kwa jibu la asubuhi wazazi wote wawili ni wabebaji. Watoto wao kwa wastani ni mmoja mgonjwa, wawili wabebaji na mmoja asiye na kitu. Mgonjwa tunamtoa kwa kuwa III-2 tunamwona ni mweupe, wanabaki watatu, na wawili kati yao wamebeba. 2/3. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha nikasikia kifutio kikipita kwenye karatasi.