Ngozi nyeusi tii ikirudi maji ya kunde: niliyojifunza kwenye bango la saluni

Mama mmoja mwenye saluni aliniletea picha yake nimtengenezee bango la mlangoni. Ni mweusi tii, na nywele zake za kipilipili hazijaguswa na dawa. Hizo nywele ndiyo biashara yake, maana anasuka na kutunza nywele asili. Alitaka aonekane yuko studio, amevaa kitenge kipya. Nikaiingiza picha kwenye programu ya akili mnemba ninayoitumia kazini, ya jamii ya Stable Diffusion. Nilipomwonyesha matokeo alinyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Macho yalikuwa yake na pua yake. Ila ngozi ilikuwa maji ya kunde, na nywele zimelegea kama zilizotiwa dawa jana. Mtu anayeuza nywele asili hawezi kutundika bango kama lile. Niliona aibu, nikarudi nyumbani kuchunguza.

Anza kwa kupima, kwa sababu jicho huzoea upesi. Fungua picha zote mbili kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, uchukue kifaa cha kudonolea rangi, uguse paji la uso mahali pasipong'aa. Kwa nyekundu, kijani na buluu, picha yake ilisoma 78, 52, 41. Ya programu ilisoma 132, 94, 76. Kwenye kipimo cha L, ambapo 0 ni weusi kabisa na 100 ni weupe kabisa, alikuwa ametoka 24 hadi 43. Halafu gusa meno na weupe wa jicho. Mwanga ukiongezeka, navyo hupanda. Vikibaki palepale huku ngozi imeruka namna ile, basi ngozi yenyewe imebadilishwa.

Sababu ni kwamba programu hainakili uso. Inaimwagia picha chengachenga, kisha inaijenga upya kwa kukumbuka picha ilizofundishwa, ambazo nyingi zilikusanywa mtandaoni na watu weusi ni wachache humo. Mwaka 2020 watu walichukua picha ya Barack Obama iliyofifishwa, wakaipitisha kwenye programu iitwayo PULSE, ikarudisha uso wa Mzungu. Palipokosekana taarifa, kumbukumbu ilijaza. Kiasi cha chengachenga ndicho kinachoitwa `Denoising strength`, kati ya 0 na 1. Mimi nilikuwa nimeweka 0.65, yaani nimeipa programu nafasi kubwa mno ya kubuni. Juu ya hapo niliandika `beautiful, flawless, glowing skin`, maneno yanayoandamana na matangazo ya vipodozi, na ngozi za kwenye matangazo mara nyingi zimeng'arishwa.

Nikashusha hadi 0.35, nikaondoa sifa za urembo, nikataja rangi, nywele na mwanga waziwazi:

```
portrait of a Tanzanian woman, very dark brown skin,
natural 4C hair, tightly coiled, kitenge dress,
soft window light
```

L ikashuka hadi 31. Bado. Nikagundua kitufe cha `Restore faces` kimewashwa. Hicho hupitisha uso kwenye modeli nyingine, nayo hulainisha ngozi kwa kumbukumbu zake yenyewe. Nilipokizima nikapata 26, na alama ndogo iliyo shavuni mwake ikarudi. Kama unabadilisha mandhari ya nyuma peke yake, usihangaike na yote haya: funika uso na nywele kwa `Inpaint`, uchague `Inpaint not masked` ili visiguswe kabisa.

Nywele zina sababu yake. Modeli za jamii ya Stable Diffusion hubana picha kabla ya kuifanyia kazi: kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 hugeuzwa nukta moja. Kichwa cha mama kilikuwa na upana wa pikseli kama 160, kwa hiyo programu ilikiona kwa nukta 20 tu. Misokoto kadhaa ya kipilipili huingia ndani ya nukta moja, na inapofunguliwa tena programu hukisia, ikaishia kwenye mawimbi. Dalili huanzia ukingoni mwa paji: vinywele vya pale hulala kama vilivyochanwa.

Dawa yake ni kukipa kichwa pikseli nyingi zaidi. Kwenye `Inpaint` nilipaka kinyago juu ya nywele pekee, safari hii kuonyesha sehemu ya kubadilishwa, nikachagua `Inpaint masked` na `Only masked`, nikaweka upana na urefu 1024, `Denoising strength` 0.4. Hapo programu hukuza sehemu ile peke yake, ikaifanyia kazi, kisha ikairudisha mahali pake. Misokoto ikatokea. Nilipojaribu 0.55 ikaanza kulegea tena.

Mama alilipokea bango, akaagiza la pili akiwa amesukwa twende kilioni. Huko njia hii ilinishinda. Mistari ilikuwa ikiungana katikati ya kichwa, mingine ikipotea bila kufika kisogoni. Mwishowe nilikata nywele kutoka picha yake halisi, nikazibandika juu ya ile mpya kwenye GIMP, nikalainisha kingo kwa brashi laini. Ilinichukua kama dakika 40, na kila mstari ukabaki jinsi msusi alivyouanza na alipoumalizia.