Mabaka ya njano kwenye nyasi: vuta kwanza, maji baadaye

"Wakuu, nyasi zangu zina mabaka ya njano, mengine yameshakuwa kahawia. Nina mbwa, mvua imekata, na nimemwagilia sana lakini baka kubwa linazidi tu kupanuka. Nianzie wapi?"

Mkuu, hilo linalopanuka hata ukimwagilia ndilo la kuanza nalo. Nyasi zenye kiu tu zingeonyesha nafuu baada ya maji. Piga goti pale kijani kinapokutana na kahawia, shika nyasi konzi moja, uvute kwenda juu. Usivute katikati ya baka, kwa sababu kama ni wadudu, pale walishamaliza kula wakahama.

Zikigoma kung'oka, mizizi ipo. Zikikuachia bila nguvu, mizizi imeliwa.

Kwangu baka la namna hiyo lilikuwa kwenye kimwinuko kinachopigwa na jua mchana kutwa, na kila aliyeliona alisema ni ukame. Nilipovuta, nyasi zilikunjuka kama mkeka, chini yake mizizi imekatwa kabisa. Nikapima mraba wa sentimita 30 kila upande, nikakata pande tatu kwa beleshi, nikaukunja, kisha nikapekua udongo kwa vidole kwenda chini kama sentimita 8. Walikuwemo funza 14: weupe, wanene, kichwa cha kahawia, miguu sita karibu na kichwa, wamejikunja mfano wa herufi C. Hao ni watoto wa mbawakawa.

Ukikuta wawili watatu kwenye mraba kama huo, rudishia nyasi, kanyaga kidogo, mwagilia, usiweke dawa. Nyasi zenye afya huwastahimili hata wakifika watano. Kuanzia kumi hivi ndipo inafaa kuchukua hatua, na hapo ukubwa wa funza ni muhimu. Wadogo hufa kirahisi. Waliokwisha kunenepa wanasumbua, na ukiona wanakaribia kugeuka mbawakawa, dawa ni hasara tupu. Subiri kizazi kinachofuata. Dawa yenyewe iwe imeandikwa kwenye lebo kuwa ni ya funza wa nyasi, na kama lebo inaelekeza, imwagilie baada ya kuiweka ili ishuke kwenye mizizi, maana ikibaki juu ya majani haiwafikii. Kwa kuwa una mbwa, mfungie mpaka muda uliotajwa kwenye lebo upite. Wapo pia minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, nematodi, wanaouzwa kwa ajili ya kuua funza. Hao wawekwe jioni kwenye udongo mbichi, kwa sababu jua na ukavu huwaua.

Nyasi zikigoma kung'oka, chukua bisibisi ndefu uichomeke ardhini. Isipoingia, mwagilia taratibu hadi maji yazame, kisha ujaribu tena kesho yake. Ikiingia sasa, tatizo lilikuwa ukavu: nyasi za hivyo huwa zimefifia rangi kuelekea kijivu, na ukizikanyaga alama ya mguu inabaki. Zipe takribani milimita 25 kwa wiki, kwa mkupuo mmoja au miwili. Kopo lenye kuta zilizonyooka ukiliweka chini ya kinyunyizio litakuonyesha umefikia wapi.

Bisibisi ikigoma hata baada ya maji, udongo umeshindiliwa. Mara nyingi ni kwenye njia ya watu au pale gari linapokanyaga, na utaona maji yakituama. Jembe uma linasaidia kidogo, ila linapenyeza meno na kusukuma udongo pembeni. Kifaa kinachong'oa vipande vya udongo na kuacha matundu ya sentimita 5 hadi 8 ndicho kinacholegeza kweli. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu na nyasi zikiwa kwenye kasi ya kukua, kisha sambaza mboji laini iingie kwenye matundu. Na njia ya kupita ihamishwe, vinginevyo pata­shindiliwa tena.

Mbwa wako tusimsingizie kwa baka kubwa. Mkojo huacha duara dogo, la upana wa kiganja au sahani, katikati pamekufa na pembeni pana pete ya kijani kibichi kuliko nyasi nyingine. Naitrojeni na chumvi zikiwa nyingi zinaunguza katikati, zikiwa kidogo pembezoni zinakuwa mbolea. Kwa hiyo chokaa haisaidii, wala kumlisha mbwa vitu vya kubadili mkojo sikushauri. Mwaga maji mengi papo hapo anapomaliza. Palipokwisha kufa, kwangua, lowesha hadi chini, upande upya.

Vuta nyasi kwenye kila baka, usipime moja ukahukumu yote. Kwangu funza walikuwa kwenye kimwinuko, na karibu na geti ni udongo ulioshindiliwa. Ukishafunua, weka hapa picha ya huo mraba na idadi uliyoikuta, tuangalie kama wamefikia hatua ya dawa.