Mlima utoke, lakini sura ya bibi ibaki

Mwezi wa nane jamaa yangu wa hapa Goma aliniletea picha ya familia. Bibi ameketi katikati, wajukuu wamemzunguka, na nyuma yao Nyiragongo imefifia kama imetandikwa shuka. Utusitusi wa kiangazi ulikuwepo, na moshi wa mbabula ya jirani ukazidisha. "Mlima uonekane," akasema.

Nikafungua Lightroom Classic, programu ya kuhariri picha, kwenye kompyuta, nikasukuma Dehaze, kitelezi cha kupunguza ukungu, hadi +60. Mlima ukatoka kweli. Ila bibi akawa kama amepakwa majivu, mikunjo ya shavu ikawa mitaro, na chini ya macho pakawa mashimo meusi.

Sababu ni umbali. Bibi alikuwa mita tatu kutoka kwenye kamera, mlima uko zaidi ya kilomita kumi. Ukungu unaoficha mlima ni mnene, ulio mbele ya bibi ni kama haupo. Ukiipunguzia picha nzima kipimo kimoja, usoni unaondoa kisichokuwepo, na ngozi nyeusi huumia kwanza kwa kuwa vivuli vyake havina nafasi kubwa ya kushuka tena.

Nikarudisha Dehaze sifuri. Kwenye Masking, sehemu ya kutenga eneo la kurekebisha peke yake, nikachagua Select Background, nikaipa Dehaze +35 tu. Hapo tazama kingo za nywele: ukiona utepe mweupe kuzunguka vichwa, umezidisha. Mimi niliuona kwa kijana mrefu aliyesimama nyuma, nikashuka hadi +28.

Watu nikawatengea mask yao kwa Select Subject. Humo sikuigusa Dehaze kabisa. Nilishusha Blacks hadi -8 ili weusi wa nywele urudi, nikapandisha Shadows kidogo, na kwa sababu moshi mwepesi mbele ya kitu cheusi huonekana wa buluu, nikaongeza Temp kidogo kuelekea njano. Clarity iacheni, hiyo ndiyo huchonga mikunjo.

Jicho hudanganya likikaa sana mbele ya kioo, kwa hiyo napima. Weka kishale kwenye paji la uso, usome namba za R, G na B chini ya Histogram. Katika jaribio langu la kwanza zilikuwa karibu sawa, yaani kijivu. Baada ya marekebisho R ilikuwa 46, G 35, B 29. Kwa ngozi yetu nyekundu iongoze, buluu iwe ya mwisho.

Kilichozikwa kabisa na ukungu hakirudi. Ukilazimisha, anga hujaa chembechembe na mistari. Hilo huja upesi zaidi picha ikiwa imepita WhatsApp ikabanwa. Nilimwomba jamaa aitume tena kama faili ya Document, na ile ndiyo niliyofanyia kazi.

Bibi alipoletewa karatasi, hakuutazama mlima. Aliuliza nani alimfungia mtoto kilemba vile.