Khalifa Maamun na mtihani wa Kurani

"Khalifa ndiye aliyekuwa amiri wa Waislamu. Sasa wanazuoni walipata wapi nguvu ya kumpinga kwenye dini?"

Waalaikumu salaam ndugu. Anza na barua ya Maamun ya mwaka 833 kwa liwali wa Baghdad: makadhi waulizwe kama Kurani imeumbwa, na asiyekiri hivyo asiaminiwe kazi wala ushahidi. Wengi walikubali kwa hofu. Mwanazuoni Ahmad bin Hanbal alikataa. Mbele ya Mu'tasim, aliyerithi ukhalifa mwaka huohuo, alidai aletewe dalili kutoka Kitabu cha Mungu au Sunna ya Mtume. Nguvu ya wanazuoni ilikuwa hapo, kwa sababu Sunna ilihifadhiwa na wapokezi wa hadithi, si na ikulu. Alichapwa mijeledi, hakukiri. Mutawakkil, aliyeanza kutawala mwaka 847, ndiye aliyeusitisha mtihani huo.