Gharama ya saruji niliyouza: nihesabu mwisho wa mwezi au kila ninapouza?

*Shikamoo mhasibu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Masasi. Mtunza vitabu wangu anapata gharama ya mauzo mwisho wa mwezi, baada ya kuhesabu stoo. Jirani ana programu inayompa gharama kila anapouza. Mbona kwa mwezi huohuo faida ghafi zetu zingetofautiana? Nani yuko sahihi?*

Marahaba. Wote wako sahihi, ila mmoja wao haoni kilichopotea.

Tuchukue saruji peke yake. Ulianza mwezi na mifuko 100, ukanunua 400, na kila mfuko umekugharimu shilingi 15,000 pamoja na usafiri kutoka Mtwara mjini. Risiti zinaonyesha umeuza 420 kwa shilingi 17,000, yaani mauzo ya 7,140,000. Ulipohesabu stoo ukakuta mifuko 70.

Mtunza vitabu wako anatumia mfumo wa vipindi. Mwezi mzima kila mzigo unaingia kwenye akaunti ya manunuzi, na mauzo yanaandikwa bila kugusa stoki. Mwishoni anakokotoa: stoki ya mwanzo, jumlisha manunuzi, toa iliyobaki. Hiyo ni mifuko 430, sawa na 6,450,000. Faida ghafi ni 690,000.

Kwa mfumo endelevu, ule wa programu ya jirani yako, mzigo unaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya stoki, na kila mauzo yana maingizo mawili: fedha na mauzo, kisha gharama ya mauzo na kupungua kwa stoki. Gharama ni mifuko 420, yaani 6,300,000, na faida ghafi 840,000. Kitabu kinadai imebaki mifuko 80, stoo ina 70. Kumi hiyo, 150,000, unaiandika kama upotevu, na faida inarudi palepale 690,000.

Tofauti basi ni mifuko kumi. Kwenye vipindi imemezwa ndani ya "iliyouzwa", na huwezi kujua kama iliganda kwa unyevu wa masika, ilipasuka wakati wa kushusha au ilitoka usiku. Kwa hiyo hata mwenye programu lazima ahesabu stoo. Akiona stoki hasi kwenye skrini, mara nyingi kuna mzigo uliouzwa kabla haujaingizwa.

Kuna hatari nyingine upande wa vipindi. Ukihesabu vibaya mifuko 20 pungufu, gharama ya mwezi huu inapanda kwa 300,000, na mwezi ujao inashuka kwa kiasi hichohicho, kwani kilichobaki leo ndicho mwanzo wa kesho.

Bei ya kununulia ikibadilika katikati ya mwezi, kanuni ya kinachoingia kwanza hutoka kwanza inatoa gharama ileile kwa mifumo yote miwili. Wastani hautoi: kwenye vipindi ni mmoja wa mwezi mzima, kwenye mfumo endelevu unakokotolewa upya kila mzigo unapoingia.

Mimi ningefungua kadi ya stoki kwa saruji, nondo na bati, hata kwa daftari. Misumari ya kupima kwa kilo iache kwenye vipindi. Kuandika kila robo kilo kutakuchosha kuliko upotevu wenyewe.