Ziba neno, usome tena

"Natunga kamusi ndogo ya wanafunzi wangu, kila neno na sentensi yake ya mfano. Kwenye 'bangua' nimeandika: 'Mbanguaji anabangua korosho.' Mwenzangu kaikataa. Kwa nini?" (Mwalimu, Masasi)

Kwa sababu asiyejua kubangua hajui mbanguaji ni nani. Kiswahili kinatutega hapa: kutoka kitenzi kimoja unapata mbanguaji, ubanguaji, banguliwa, na kila kimoja kinaonekana neno jipya kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Ndugu hao wasikae kwenye mfano, wala kwenye fasili. Ukiandika kwamba bangua ni "kufanya ubanguaji", halafu ubanguaji ni "kitendo cha kubangua", msomaji atazunguka kama ng'ombe wa kinu.

Ukiwatoa ndugu inabaki "Mama anabangua korosho." Haina kosa la sarufi, ila ziba kitenzi kwa kidole. Anachuma? Anauza? Anakaanga? Yote yanakaa. Sasa jaribu hii: "Tulibangua korosho hadi jioni, maganda yakajaa debe, na mafuta yake yakamchubua bibi vidole." Chuma, uza na kaanga vimeanguka kwa sababu ya maganda. Hata menya, ambayo nayo huacha maganda, imebanwa na yale mafuta, maana aliyewahi kumenya viazi anajua haviunguzi mikono. Mtoto wa Masasi atacheka kwamba hili halihitaji kuelezwa, lakini kamusi itasomwa na wa Bukoba pia.

"Nikitaka maana ionekane, sentensi yangu inageuka fasili. Nifanyeje?" (Newala)

Nadhani unaandika kitu kama "Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani." Hiyo ni fasili nzuri, iache mahali pake. Hakuna anayesema hivyo akiwa jikoni. Jikoni husemwa: "Mloweke kwanza huyo ng'onda, chumvi imemzidi, na amekauka kama ubao." Dalili mbili, chumvi na ukavu, zinatosha. Ya tatu inaanza kunuka darasa.

"Na neno lisiloshikika, kama 'kinyongo'?" (Lindi)

Tafuta jirani yake wa karibu, kisha andika pale wanapoachana. Jirani wa kinyongo ni hasira. "Ana kinyongo na kaka yake" haisaidii, kwani hata hasira inakaa hapo, na upendo vilevile. Wanaachana kwenye muda na kwenye kuficha: hasira hulipuka ikapoa, kinyongo hubaki moyoni hata baada ya watu kupeana mikono. Basi: "Wazee waliwapatanisha msimu wa korosho wa mwaka juzi, lakini kinyongo hakijamtoka, salamu anaitikia, nyumbani kwa kaka yake hakanyagi." Ukiweka hasira hapo sentensi haivunjiki kabisa, ila inapwaya. Kwa maneno ya moyoni, mimi huridhika na kupwaya huko.

"Niandike 'Juma' au 'mtu'?" (Nachingwea)

Juma. Ila asiwe Juma kwenye kila ukurasa.